Umeandika "no sleeves" na mikono imekuja: jinsi ya kumuomba modeli gauni la mabega wazi

Swali hili nimelijibu mara nyingi sana mpaka nimeona bora niliandike lote sehemu moja nimalizane nalo. Swali lenyewe linakuja hivi: nimemwambia modeli wa picha, ile programu ya akili bandia inayotoa picha kwa maandishi, anitolee dada kavaa gauni la kitenge, nikaandika kabisa kwa Kiingereza `no sleeves`, picha imetoka ina mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, nikarudia nikaandika `NO SLEEVES` kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, sasa hivi mikono imekuwa ya puto kabisa, kubwa kuliko mwanzo. Shida nini?

Shida ni kwamba umeitaja. Ndio hivyo tu. Umeandika neno `sleeves` na modeli akalichukua, lile `no` la mbele likampita hivi hivi.

Wengi wanaoniuliza ni mafundi cherehani au watu wanaowasaidia mafundi, wanataka kumuonyesha mteja mshono kabla kitambaa hakijakatwa. Kwa hiyo mfano wangu wote humu ni mmoja, mteja anataka gauni refu la kitenge cha bluu na njano, halina mikono, la kuvaa kwenye sendofu. Ukilielewa hili basi kofia, miwani, ndevu na gari la nyuma kwenye picha vyote vinaenda njia hiyo hiyo.

Nadharia kidogo, halafu tunaanza

Mfikirie fundi ambaye hajawahi kuongea na mteja hata siku moja. Alichonacho ni ukuta uliojaa yale mabango ya mishono, na chini ya kila picha kuna maneno machache yanayosema kilichopo. Chini ya picha moja pameandikwa gauni jekundu la mikono mirefu, nyingine blauzi ya mikono mifupi, nyingine gauni la mabega wazi. Hakuna picha hata moja iliyoandikwa chini yake "gauni, halina mikono, halina mfuko, halina zipu, pembeni hakuna mbuzi". Nani aandike hivyo? Watu wanaandika kilichopo.

Modeli wa picha kajifunza hivyo hivyo. Stable Diffusion iliyotoka 2022 ilifundishwa kwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na yale maneno yanayokaa na picha kwenye kurasa za wavuti, na maneno yale yanataja vitu vilivyopo. Kwa hiyo neno `sleeves` kila alipokutana nalo, kwenye picha mikono ilikuwepo. Neno `no` kalikuta huku na huko, kwenye mabango ya barabarani, kwenye majina ya vitu, halijamfundisha chochote cha maana kuhusu kuondoa. Sehemu inayosoma maandishi yako, kwenye modeli hizi za zamani inaitwa CLIP, inashika vizuri vitu gani vimetajwa lakini ni dhaifu sana kwenye kushika vinahusianaje, na kukataa ni uhusiano.

Lakini angalia, kuna neno `sleeveless`. Hili ni neno moja lenye picha zake, maduka ya nguo mtandaoni yameliandika chini ya magauni mengi sana, na kwenye picha hizo bega linaonekana. Kwetu sisi neno hili na lile `no sleeves` maana yake ni ile ile, ila kwa modeli ni vitu viwili tofauti kabisa, moja ni picha ya mikono na lingine ni picha ya mabega. Hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kifaa chochote cha kutoa picha kwa maandishi. Mimi mifano yangu naitoa kwenye Stable Diffusion XL ndani ya AUTOMATIC1111, kwa sababu pale setingi zote ziko wazi unaziona. Ukiwa na Midjourney au kingine nitakwambia wapi panabadilika.
- Uwezo wa kufungia `Seed`. Hii ni namba inayoanzisha picha, ukiiacha ile ile na setingi zile zile unapata picha ile ile, kwa hiyo ukibadilisha neno moja unaona neno hilo limefanya nini. Kifaa kisichokuruhusu kufungia seed bado kinatumika, ila itabidi utoe picha nyingi zaidi ndio uamini unachokiona.
- Picha moja halisi ya mshono unaoutaka, hata ya kwenye simu. Sio ya kumpa modeli, ni ya kuangalia wewe ili ujue unataka nini haswa. Utashangaa watu wangapi wanasema "halina mikono" halafu hawajui wanataka kamba nyembamba au kitambaa kipana begani.
- Karatasi, au sehemu ya kuandika kwenye simu, uweke prompti zako zote, yaani yale maandishi unayompa modeli. Usitegemee kichwa.

Hatua

1. Andika unavyotaka, halafu futa maneno yote ya kukataa na usome kilichobaki.

Andika kama kawaida yako. Tuseme umeandika hivi:

```
a woman in a long African wax print dress,
no sleeves, without jacket, outdoor party
```

Sasa futa `no`, futa `without`, futa kila neno la aina hiyo, soma tena. Kimebaki nini? Mwanamke, gauni refu la kitenge, mikono, koti, sherehe ya nje. Hicho ndicho modeli alichosikia, na ukitoa picha nne utaona mikono imejaa, na pengine mmoja wao kavaa na koti juu ya kitenge kwenye jua. Hajakudharau, kafanya ulichomtajia.

Jaribio hili la kufuta linachukua sekunde kumi na ndilo litakalokusaidia kuliko yote humu. Lifanye kila mara prompti ikikusumbua, hata isiyo ya nguo.

(Nimeandika `African wax print` na sio kitenge makusudi. Neno kitenge modeli nyingi hawalijui vizuri, wanakuletea kitambaa cha ajabu ajabu. Jaribu pia `ankara`.)

2. Jiulize: pale ambapo mkono wa nguo ungekuwepo, kuna nini?

Hapa ndipo watu wanakwama kwa sababu wamezoea kufikiria kisichotakiwa. Geuza. Usipoona mkono wa gauni, jicho lako linaona nini? Linaona bega, linaona mkono wa mtu wenyewe kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, linaona ngozi, pengine bangili, pengine kamba ya gauni inayopita begani. Hivyo ndivyo vya kuandika. Maneno ninayoyatumia mimi na picha inayotoka:

`sleeveless` ndio neno mama, kitambaa kinaishia begani. Peke yake mara nyingi linatosha.

`bare shoulders` na `bare arms` yanasema mabega wazi na mikono ya mwili wazi. Haya ni msaidizi mzuri wa neno mama, kwa sababu yanajaza ile nafasi kwa kitu, modeli hapati pa kuweka kitambaa.

`spaghetti straps` ni zile kamba nyembamba, `wide straps` ni kamba pana, ambayo mama zetu wengi ndio wanaipenda kwa sababu haionyeshi kamba za ndani.

`strapless` hakuna kamba kabisa, gauni linashikilia kifuani. `halter neck` inafungwa nyuma ya shingo. `one-shoulder` ni bega moja, na hii uwe nayo makini maana lile bega la pili modeli anaweza akaliwekea mkono mrefu, mishono ya namna hiyo ipo mingi.

`off-shoulder` pia uwe makini nayo sana! Fundi akisema ofu sholda wewe unaona mabega wazi, sawa, lakini magauni mengi ya namna hiyo yana mikono inayoanzia chini ya bega. Ukiandika hivyo umeiomba mikono mwenyewe.

Kwa mteja wetu wa sendofu nikachukua kamba pana, ikawa hivi:

```
a woman in a long sleeveless African wax print dress,
wide straps, bare shoulders, bare arms,
blue and yellow pattern, outdoor party
```

Fanya tena jaribio la kufuta. Hakuna cha kufuta. Ndio dalili kwamba prompti imekaa sawa.

3. Kagua jina la nguo lenyewe.

Kuna nguo zimezaliwa na mikono. Ukiandika `shirt`, `blazer`, `hoodie`, `kaftan`, `kimono` au `abaya`, mkono umo ndani ya jina, hata uweke `sleeveless` mbele yake utakuwa unavuta kamba na modeli, mara unashinda wewe mara anashinda yeye. Kama unaweza badilisha jina la nguo, `shirt` iwe `tank top`, `kaftan` iwe `maxi dress`.

Kuna na zile zinazovutia nguo nyingine chini yake. `vest` kwa mfano, kwa Waingereza ni singlendi ya ndani lakini kwa Wamarekani ni kizibao cha suti, na modeli akikuletea kizibao basi chini yake anaweka shati la mikono mirefu, si ndivyo kinavyovaliwa? Vivyo hivyo `overalls`, ile suruali ya mafundi yenye kamba mabegani, karibu kila mara inakuja na fulana ndani. Hapo ukitaka mikono isiwepo taja kilicho ndani: `overalls over a white tank top`.

4. Kagua na mazingira.

Hili wengi hawalitegemei. Nilikuwa nahangaika na picha moja nusu siku, neno `sleeveless` lipo, mabega wazi yapo, mikono inakuja tu. Kumbe mwishoni nilikuwa nimeandika `cold rainy morning`. Asubuhi ya baridi na mvua! Nani kwenye picha za mtandaoni anasimama kwenye mvua ya baridi mabega wazi? Nikabadilisha nikaandika jua la mchana na tatizo likaisha hapo hapo.

Maneno ya kuangalia ni ya baridi na theluji, ya ofisini, ya msikitini na kanisani, na yale ya zamani kama `Victorian` au `medieval`. Sio kwamba hayatumiki, ila ujue yanavuta upande wa pili na itabidi upande wa mabega uwe na maneno ya kutosha.

5. Panga mstari, weka jambo lako mbele.

Kwenye Stable Diffusion yale maandishi yanakatwa vipande vinavyoitwa tokeni, na CLIP inachukua tokeni 77 kwa mara moja, mbili ni za kufungulia na kufungia kwa hiyo zako ni 75. AUTOMATIC1111 inakuonyesha hesabu pale kwenye kona ya boksi la prompti. Ukizidisha inaongeza fungu lingine, haikati, lakini jambo lililozikwa kwenye fungu la pili baada ya mistari minne ya sifa za taa na kamera linapungua nguvu. Kwa hiyo mtu, nguo, mabega kwanza, halafu rangi, halafu sehemu, halafu madoido yako ya kamera ukitaka.

6. Fungia seed, toa picha nne, linganisha.

Setingi zangu za SDXL: ukubwa 832 kwa 1216 ili mwili uonekane mrefu, `Sampling steps` 28, `CFG Scale` 6, `Batch size` 4. Weka seed namba yoyote, usiache -1 kwa sababu -1 ni kubahatisha upya kila mara. Mimi huweka 1234 tu, hakuna uchawi kwenye namba.

Toa picha nne kwa ile prompti ya `no sleeves`, uziweke pembeni. Halafu toa nne kwa prompti mpya, seed ile ile. Ziangalie mbili mbili. Mtu utaona kakaa karibu pale pale, sherehe ni ile ile, ila kwenye bega pamebadilika. Hapo ndio unajua kwamba maneno ndiyo yamefanya kazi na sio bahati, maana picha moja moja inadanganya sana, unaweza ukapata moja nzuri kwa bahati ukatangaza kwamba umepata dawa.

Na hakikisha mabega yamo kwenye fremu. Kuna jamaa alinitumia picha ya uso mpaka kwenye shingo akasema imefanikiwa.

7. Sasa, na sasa tu, gusa boksi la `Negative prompt`.

Hili boksi lipo chini ya lile la prompti na kazi yake ndio hasa kusema usichotaka. Halisomi neno la kukataa, linachukua kile ulichoandika na kuisukuma picha iende mbali nacho. Kwa kifupi hesabu yake kwa kila hatua ni hii:

```
matokeo = hasi + cfg * (chanya - hasi)
```

Chanya ni unachotaka, hasi ni kilichomo kwenye boksi la pili, na cfg ni ile `CFG Scale`, yaani nguvu ya kumfanya modeli afuate maandishi yako. Humo andika jina la kitu bila kukataa:

```
sleeves, long sleeves, puff sleeves, jacket, cardigan, shawl
```

Makosa mawili hapa yanarudi kila siku. La kwanza ni kuandika `no sleeves` ndani ya boksi la kukataa. Mara nyingi bado linafanya kazi, kwa sababu ile ile kwamba `no` halina nguvu, kwa hiyo modeli anakimbia `sleeves` tu, ila umepata kwa bahati na siku nyingine utachanganyikiwa. La pili ndio baya, mtu anapesti prompti yake yote humo ikiwa na `sleeveless`. Umemwambia akimbie mabega wazi. Mikono itakuja mpaka uchoke.

Kwa nini nimesema sasa tu? Kwa sababu boksi hili ni la kusukuma, halijui kujaza. Ukimsukuma modeli aende mbali na mikono bila kumwambia pale pana nini, anaweza akakimbilia mtandio, au nywele ndefu zinazofunika mabega, au anamgeuza mtu akupe mgongo. Chanya kwanza, hasi ni wa kumsaidia.

Midjourney haina boksi, ina parameta inayoandikwa mwishoni: `--no sleeves, jacket`. Hiyo `--no` yenye vistari viwili sio sawa na neno `no` katikati ya sentensi, hii ni amri, ile ni neno kama maneno mengine.

8. Ongeza uzito ikibidi.

Kwenye AUTOMATIC1111 na ComfyUI unaweza ukakoleza neno kwa mabano na namba:

```
(sleeveless:1.2), (bare shoulders:1.2)
```

Moja ni kawaida. Anza 1.2, panda taratibu, na ukifika 1.4 bado mikono ipo basi tatizo sio uzito, rudi hatua ya 3 na ya 4. Ukizidisha ngozi inaanza kung'aa kama plastiki na mabega yanakuwa mapana kama ya mnyanyua vyuma.

9. Mkono ukibaki mmoja, urekebishe peke yake.

Mara nyingine unapata picha nzuri, uso mzuri, kitenge kimekaa, ila begani upande mmoja kuna mkono mfupi. Usitupe picha. Ipeleke kwenye `img2img`, kichupo cha `Inpaint`, paka brashi juu ya ule mkono wote na uvuke kidogo kingo zake. Halafu prompti ya hapa sio ile ndefu, elezea kinachotakiwa kuwa chini ya brashi tu:

```
bare shoulder, bare arm, smooth dark brown skin, wide dress strap
```

Wengi wanaacha `Denoising strength`, yaani kiasi ambacho modeli anaruhusiwa kubadilisha picha, ikiwa chini, 0.4 hivi, na `Masked content` ikiwa `original`. Hapo modeli anaanza na rangi za kitenge zilizopo, anakurudishia mkono ule ule umepakwa upya. Panda mpaka 0.75 na zaidi. Ikigoma weka `latent noise` na denoising 0.9 au juu yake, au tumia `Inpaint sketch`, upake kwanza rangi ya ngozi kwa kuinyonya kutoka kwenye shingo ya mtu huyo huyo. Hii ya kupaka ndiyo naipenda zaidi kwa sababu inatatua na lile tatizo la mkono kutoka mweupe kuliko uso, jambo ambalo kwa picha za watu wetu linatokea sana.

Tahadhari kwa tunaowaza kwa Kiswahili

Sisi tuna mtego wetu wenyewe. Kwa Kiswahili mkono wa gauni ni mkono, mkono wa mtu ni mkono, na kiganja watu wengi nacho wanakiita mkono. Sasa ukiandika "mwanamke kavaa gauni, hana mikono" ukapeleka kwenye programu ya kutafsiri, inaweza ikakurudishia `she has no hands` au `without arms`. Nimeletewa picha ya bibi harusi ambaye mikono yake yote imefichwa nyuma, na nyingine imeishia kwenye bega kama sanamu ya dukani, mwenye picha kapata hofu akadhani kompyuta imeingiwa na pepo. Na usikimbilie kusema "mikono wazi", maana hiyo nayo inaweza kuwa ni viganja vimefunguliwa, mtu atatoka kama anaomba dua.

Kama kifaa chako kinapokea Kiswahili, taja bega: "gauni la mabega wazi, kitambaa kinaishia begani, ngozi inaonekana kuanzia begani mpaka kwenye vidole". Bega halina maana mbili. Na kama unatafsiri, soma Kiingereza kilichorudi kabla ya kukipesti, ukiona `hands` mahali ambapo hukutarajia, simama.

Jambo lingine, maneno `naked` na `nude` usiyatumie kwa kutafuta ngozi ya mabega. Kwenye huduma nyingi za mtandaoni kichujio kitakukatalia picha, na kwenye modeli za kuendesha mwenyewe utapata kilichozidi ulichoomba. `bare shoulders` ikiwa pamoja na jina kamili la gauni haina shida.

Ikigoma: dalili na dawa

*Nimeandika kila kitu kwenye `Negative prompt` na hakuna kinachobadilika.* Angalia `CFG Scale`. Ikiwa 1, rudi kwenye ile hesabu hapo juu, weka 1 mahali pa cfg uone, hasi inajifuta yenyewe inabaki chanya tu. Modeli za haraka haraka kama SDXL Turbo zinaendeshwa hivyo, na FLUX.1 iliyotoka 2024 nayo kwa kawaida inaendeshwa kwa cfg ya 1, kwa hiyo boksi lile kwao ni pambo. Huko tegemea maneno chanya pekee. Kwa bahati nzuri FLUX inasoma sentensi ndefu vizuri, unaweza ukaiambia kwa utulivu kwamba gauni lina kamba pana na mikono ya mwanamke iko wazi kuanzia begani.

*Natumia kile cha kuchati, naongea nacho tu, nikisema usiweke mikono mara anaelewa mara haelewi.* Kwenye vifaa vya namna hiyo mara nyingi kuna modeli wa lugha katikati anayeandika upya prompti yako kabla haijafika kwa mchoraji. DALL·E 3 ilikuja hivyo 2023. Siku akiandika upya kwa neno `sleeveless` unapata, siku akiibeba `no sleeves` yako kama ilivyo unakosa. Modeli mpya zinaelewa kukataa vizuri zaidi kuliko za zamani, lakini ukimtajia mabega mwenyewe humwachii nafasi ya kubahatisha. Na kuna kosa la hapa hapa: picha ya kwanza ikitoka na mikono, unaanza kubishana, "nimesema USIWEKE MIKONO", "mbona mikono bado ipo", na kila ujumbe unazidi kulijaza neno mikono kwenye mazungumzo. Anza chati mpya.

*Mikono imeondoka ila kuna mtandio au kitambaa kinaning'inia mabegani.* Umemsukuma bila kumjazia. Ongeza `bare shoulders`, na kwenye hasi weka `shawl, scarf, cape`.

*Gauni limekuwa fupi na la kubana wakati nilitaka refu la heshima.* Hii inatokea sana ukikoleza `bare` mara nyingi, picha nzima inaelekea ufukweni. Punguza uzito, na taja urefu na mkato: `floor-length`, `modest high neckline`. Shingo ya juu na mabega wazi vinakaa pamoja bila ugomvi.

*Bega moja lina mkono, lingine halina.* Tafuta kama kuna `one-shoulder` au `asymmetrical` umeiacha mahali. Kama haipo, hatua ya 9.

*Nimefuata zote, kitenge kikija mikono inakuja.* Kwenye picha nilizotoa mimi `African wax print` na mikono mikubwa vinapendana sana, nadhani kwa sababu ndio mishono watu wanayoipiga picha. Fanya ujanja huu: toa kwanza picha ukiwa na `plain blue sleeveless maxi dress`, gauni la bluu lisilo na maua. Mabega yakikaa, ipeleke kwenye `Inpaint`, paka brashi kwenye gauni tu usiguse mabega, halafu omba `blue and yellow African wax print fabric` kwa denoising 0.6 hivi. Lile la sendofu mimi ndivyo lilivyopatikana, jaribio la kwanza maua yalikuja madogo kama ya pazia, nikapanda 0.7, fundi akaangalia akasema kamba ziongezwe upana nusu inchi, akakata.